Kiganja kilichoning'inia na neva mbili zilizosingiziwa

Barua ya rufaa aliyokuja nayo ilikuwa fupi. Mwanaume wa miaka 54 ameanguka kutoka mtini, amevunjika mfupa wa mkono wa juu upande wa kulia, mkono umepooza, na neva zote tatu, ya radiali, ya mediani na ya ulna, zimeumia. Mwenzetu aliyeiandika alikuwa amempima kweli. Alimwambia mgonjwa anyanyue kiganja, hakikunyanyuka. Akamwambia amkamate vidole kwa nguvu, akakamata kwa ulegevu. Akamwambia atanue vidole, vikatanuka kidogo tu. Kila neva ilipewa kipimo chake, na kila neva ikaanguka mtihani. Naandika kisa hiki kwa sababu neva mbili kati ya hizo tatu zilikuwa nzima kabisa, na namna zilivyoonekana mbovu inaweza kumdanganya yeyote kati yetu. Mambo machache nimeyabadilisha ili mgonjwa asitambulike.

Mzee huyu ni mlina asali, anatoka vijiji vya mbele ya Sikonge, kwenye misitu ya miombo ambako watu wa Tabora wametundika mizinga tangu enzi za babu zao. Ilikuwa Juni, mvua zimekwisha, msimu wa kulina. Alikuwa juu ya mti wa mtundu, kama mita tano kutoka chini, kamba ikateleza. Alipoanguka, mkono wa juu ulipiga shina la mti uliokatwa. Usiku ule fundi wa mifupa wa kijijini alimfunga kwa vijiti na kitambaa, na siku ya tatu kijana wake akampakia kwenye bodaboda hadi kituo cha afya, kisha wakaletwa kwetu Tabora mjini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mkono huu umeshakufa, mimi nimekuja tu ili wasiseme sikuja."

Kijana wake alinivuta pembeni. Walikwisha ambiwa kwamba neva tatu zikikatika huenda wakapelekwa mbali kwa upasuaji, na ukoo ulikuwa umeanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wawili. Kwa hiyo swali la neva ngapi zimeumia halikuwa la darasani. Neva moja kwenye mvunjiko uliofungika ina njia yake ya kutibiwa, na mara nyingi njia hiyo ni kusubiri kwa mpangilio. Neva tatu kwa pamoja zinakufanya ufikirie jambo jingine kabisa: kwamba jeraha liko juu zaidi, shingoni au kwapani ambako neva hizi bado ziko karibu karibu, au kwamba damu haifiki mkononi.

Hilo la damu ndilo tulilianza. Mapigo kwenye kifundo cha mkono yalikuwapo na yana nguvu, vidole vilikuwa na joto, ukucha ukiubonyeza ukawa mweupe ulirudi wekundu wake haraka. Kigasha kilikuwa kimevimba lakini laini, na kumnyoosha vidole hakukumletea maumivu makali. Kingekuwa kigumu kama ubao na maumivu yanapanda kila unapogusa vidole, tusingeendelea na vipimo vya neva; tungemwita mpasuaji hapo hapo.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa humerasi umevunjika kwa mzunguko, kwenye theluthi ya chini, karibu sentimita 11 juu ya nundu ya nje ya kiwiko. Mahali hapo panajulikana. Neva ya radiali hushuka nyuma ya mfupa huu ikiwa imeulalia, kisha huuzunguka na kutoboa utando mgumu unaotenganisha misuli ya mbele na ya nyuma ili ipite upande wa mbele. Pale inapotoboa utando haina nafasi ya kucheza. Mfupa ukivunjika hapo, neva huvutwa, hubanwa au huchubuliwa na ncha ya mfupa. Holstein na Lewis waliuelezea mvunjiko wa namna hii mwaka 1963, na jina lao limebaki nao. Neva ya mediani na ya ulna zinapita upande wa ndani wa mkono, zikiwa na nyama laini kati yao na mfupa. Kwa hiyo kabla hata sijampima neva, picha ilikuwa inanong'ona kwamba barua ile imezidisha.

Lakini picha haipimi neva. Nilimketisha mezani, mkono uliovunjika ukiwa umebebwa na mto, na nikaanza na neva ambayo sote tulikubaliana kuwa imeumia.

Kiganja kilining'inia kifundoni kama jani la mgomba lililokatwa. Alipojaribu kukinyanyua, hakuna kilichotokea, wala sikuhisi msuli wowote ukikaza chini ya vidole vyangu. Nikamwambia akunje kiwiko kidogo huku gumba likitazama juu, kama anayeinua kikombe. Kwa kawaida upande wa juu wa kigasha hujitokeza msuli mnene kama kamba. Kwake palikuwa laini tu. Ila alipojaribu kunyoosha kiwiko, nikiwa nimeshika mfupa usicheze, msuli wa nyuma ya mkono wa juu ulikaza vizuri. Matawi yanayoulisha msuli huo hutoka juu kuliko pale palipovunjika. Angekuwa ameumia kwapani, kama wanavyoumia watu wanaoegemea magongo kwa kwapa, hata huo ungedhoofika. Kwa hiyo kiwango cha jeraha kilijulikana: chini ya matawi ya msuli wa nyuma, juu ya matawi ya kigasha.

Kwa hisia, nilitumia ncha ya pamba kisha kichwa cha pini, yeye akiwa amefumba macho. Kwenye mgongo wa mkono, pale kwenye bonde kati ya gumba na kidole cha shahada, hakuhisi chochote. Eneo ambalo neva ya radiali inalimiliki peke yake ni dogo kuliko watu wanavyodhani, na pengine jirani zake hulifunika lote, lakini ukilitafuta hapo kwenye bonde ndipo utalipata. Jeraha lingekuwa chini ya kiwiko, kwenye tawi la ndani linaloingia kati ya misuli ya kigasha, hisia hapo ingebaki, na kiganja kingenyanyuka lakini kikivutwa upande wa gumba, huku vidole vikikataa kunyooka.

Hapa kuna mtego wa kwanza, na mimi mwenyewe niliwahi kunaswa nao nikiwa mwanafunzi. Nilimwambia mgonjwa mwenye tatizo hili hili "nyoosha vidole", nikiwa nimemshikia kiganja kisianguke, vidole vikanyooka, nikaandika kuwa neva ya radiali ni nzima. Kilichonyooka ni viungo vya katikati na vya nchani, na hivyo hunyooshwa pia na misuli midogo ya kiganjani ambayo kwa sehemu kubwa inalishwa na neva ya ulna. Kazi ya radiali peke yake ni kunyoosha viungo vya shina, pale vidole vinapoungana na kiganja. Hivyo ndivyo vya kutazama, vingine vifumbie macho. Gumba nalo lina hila hiyo hiyo: kiungo chake cha nchani huweza kunyooka kidogo kwa msaada wa misuli ya mediani na ulna iliyojishikiza kwenye kano yake. Kipimo kisichodanganya ni kulaza kiganja mezani kifudifudi, kisha kumwambia ainue gumba peke yake kutoka mezani kuelekea dari. Mzee alijaribu, gumba likabaki limelala.

Basi radiali imeumia, hilo halina ubishi. Sasa zile mbili zilizosingiziwa.

Fanya jaribio hili mwenyewe unaposoma. Kunja kifundo cha mkono wako chini kabisa, kiganja kining'inie, kisha ukiwa hivyo hivyo jaribu kukunja ngumi kwa nguvu zako zote. Utaona ngumi haifungi, na mtu anaweza kukunyang'anya kalamu bila taabu. Neva zako hazina kasoro. Kano zinazokunja vidole hupita mbele ya kifundo, na kifundo kikianguka mbele zinalegea, kama kamba ya kisima iliyokosa uzito. Misuli hiyo hufanya kazi vizuri kifundo kikiwa kimeinuliwa nyuma kiasi cha nyuzi 20 hadi 30. Sasa kunja vidole kwenye viungo vya shina hadi viwe kama pembe mraba na kiganja, halafu jaribu kuvitanua. Havitanuki, kwa sababu vikiwa hivyo kano za pembeni za viungo hukaza na kuvifunga. Mtu ambaye radiali yake imekufa anaishi katika mkao huu wa aina zote mbili. Ukimpima akiwa ananing'inia, atafeli mtihani wa mediani na wa ulna hata kama neva hizo hazijaguswa. Hivyo ndivyo barua ile ilivyopata neva tatu.

Dawa ya mtego huu ni kitambaa. Nilikunja taulo, nikaliweka chini ya kifundo na kiganja mpaka kifundo kikapanda nyuzi 30 hivi, nikamwambia anikamate vidole viwili. Alinikamata hadi nikamwomba aachie. Kijana wake alicheka kwa mshangao, na mzee akautazama mkono wake kana kwamba umerudishwa kutoka safari.

Nguvu ya kukamata pekee haitoshi, kwa sababu mediani na ulna zinagawana kazi hiyo. Kwa mediani nilipima vitu viwili. Kwanza nilimwomba aunganishe ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada ili zitengeneze duara. Neva ya mediani ikiwa imeumia karibu na kiwiko au juu yake, viungo vya nchani vya gumba na shahada haviwezi kukunjika, na badala ya duara unapata umbo la tone lililobonyea, vidole vikigusana kwa matumbo yake. Yeye alitengeneza duara safi. Pili, nikageuza kiganja kitazame juu, mgongo wa mkono ukilala mezani, nikashika kalamu yangu juu ya gumba, nikamwambia alinyanyue gumba wima aguse kalamu, huku kidole changu kingine kikipapasa mwinuko wa nyama chini ya gumba. Ule msuli ulikaza. Mwelekeo ndio wenye maana hapa: gumba lazima lipande wima kutoka kiganjani. Likienda pembeni tu, msuli unaotumika ni mwingine na unalishwa na radiali, na utahukumu vibaya. Hisia niliipima nchani mwa kidole cha shahada, upande wa tumbo la kidole, ambako hakuna neva jirani inayoingilia. Alihisi pini vizuri.

Ingekuwa jeraha la mediani kifundoni, mathalani kioo kimemkata, duara lingetengenezwa bila shida maana misuli ya duara iko juu ya kidonda, ila gumba lisingepanda wima na ncha ya shahada ingekuwa ganzi. Ngozi ya katikati ya kiganja ingeweza kubaki na hisia, kwa kuwa tawi lake huachana na neva kabla ya kifundo. Nimewaona watu wakishikilia hisia hiyo ya kiganjani kuwa ushahidi kwamba neva haijakatwa, kisha kidonda kinashonwa juu juu na mgonjwa anarudi baada ya miezi na nyama ya chini ya gumba imenyauka.

Kwa ulna nilimlaza kiganja mezani kifudifudi, vidole vimenyooka na kuegemea meza. Meza ndiyo inayofanya kazi ya radiali iliyokosekana. Nikamwambia asukume kidole cha shahada kuelekea upande wa gumba dhidi ya kidole changu, nami nikapapasa lile bonde la nyama kati ya gumba na shahada kwa upande wa mgongo wa mkono. Msuli ulivimba na kuwa mgumu. Hapo kuna jambo la kuvutia: ngozi ya bonde hilo ni ya radiali, naye hakuihisi, ilhali msuli ulio chini yake ni wa ulna na ulifanya kazi barabara. Sehemu moja, neva mbili, majibu mawili. Kidole cha mwisho nchani kilihisi pini.

Kisha nikampa karatasi ashike kati ya gumba lililonyooka na ubavu wa kidole cha shahada, mkono ukiwa umeegemezwa, nami nikaivuta. Mwenye ulna mbovu hushindwa kubana kwa gumba lililonyooka, hivyo huazima msuli wa mediani na gumba hukunja kiungo cha nchani. Hiyo ndiyo ishara ya Froment. Gumba la mzee halikukunja, na karatasi ilichanika kabla ya kuchomoka. Wala hakuwa na ule mkunjo wa kidole cha pete na cha mwisho unaofanana na kucha za kipanga. Naongeza upesi kwamba kukosekana kwake peke yake kusingenituliza, kwa kuwa ulna ikiumia juu, karibu na kiwiko, mkunjo huo huwa mdogo kuliko ikiumia kifundoni: msuli unaovuta ncha za vidole hivyo viwili nao umepooza, hivyo hakuna wa kuvikunja.

Bado nilitaka ushahidi usiotegemea maneno ya mgonjwa, maana mtu mwenye maumivu na uchovu wa safari anaweza kujibu "nahisi" ili umwache apumzike. Tulichukua beseni la maji ya joto la kadiri, nyuzi 40 hivi, mzee akatumbukiza vidole kwa nusu saa. Ngozi ya ncha za vidole yenye neva nzima hukunjamana ikilowa, na isiyo na neva hubaki laini. Ncha za shahada na za kidole cha mwisho zote zilikunjamana kama za mfuaji nguo. Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu radiali, kwa kuwa ngozi yake ni ya mgongo wa mkono na haikunjamani hivyo. Kwa mediani na ulna kilitosha. Ni kipimo kizuri pia kwa watoto, wasioweza kukueleza wanahisi nini.

Niliandika upya kwenye faili: mvunjiko uliofungika, neva ya radiali peke yake, chini ya matawi ya msuli wa nyuma, mediani na ulna nzima, saa na tarehe. Yote haya kabla mfupa haujanyooshwa. Ukipima baada ya kufunga plasta ukakuta kiganja kimeanguka, hutajua kama ni mtini kilikoangukia au mikononi mwako, na matibabu yanaweza kutofautiana.

Mpasuaji wetu alikubali kusubiri. Katika mivunjiko iliyofungika ya mfupa huu, neva nyingi za radiali hurudi zenyewe, zaidi ya nusu kwa hesabu yoyote utakayoisoma. Ingekuwa panga limepita hapo, au mfupa umetoboa ngozi, au mshipa wa damu umekatika, tusingesubiri. Neva iliyo chini ya kidonda cha kukatwa ichukuliwe kuwa imekatwa mpaka macho yathibitishe vinginevyo. Ng'ombe wawili wakabaki zizini.

Kusubiri nako ni kazi. Mkono wa juu ulifungwa hogo lenye umbo la herufi U, baadaye kifuko cha plastiki kigumu cha kukaza kwa mikanda. Kifundo tulikitengenezea kibao cha plasta chenye kukishikilia nyuzi 30, kikiishia kabla ya viungo vya shina ili vidole viweze kukunjwa. Kwa mchana tuliongeza waya na vipande vya mpira wa manati vinavyovuta vidole juu. Anakunja mwenyewe, mpira unanyoosha. Kijana alifundishwa kumnyoosha viungo vya shina na gumba mara kadhaa kwa siku. Viungo vikikakamaa, neva ikirudi itakuta mlango umefungwa. Katika wiki ya tano mzee alirudi na kibao amekiacha nyumbani kwa sababu kilimwasha, na kidole cha shahada kilikuwa kimeanza kugoma. Tulipoteza karibu wiki tatu kukilainisha.

Nilimpigia hesabu waziwazi. Nyuzi za neva zilizokatika ndani ya ganda lake huota kama milimita 1 kwa siku, baada ya wiki chache za kujiandaa. Kutoka palipovunjika hadi msuli wa kwanza kupata tawi, ule unaokunja kiwiko gumba likiwa juu, palikuwa kama sentimita 8. Maana yake siku 80 za kuota na wiki kadhaa za mwanzo, jumla miezi mitatu na nusu hivi. Mwezi wa nne ukipita kimya, tungempeleka kwa upasuaji wa kuiangalia neva. Msuli uliokaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu bila neva hauna matumaini ya kurudi, hapo hubaki kuhamisha kano za misuli iliyo hai, na kwa mkono huu mediani nzima ingetupatia kano nzuri ya kuinulia kifundo.

Wiki ya tisa, alipoinua kikombe cha kufikirika, nilihisi mtikisiko mdogo juu ya kigasha. Siku 63 ni mapema mno kwa nyuzi zilizoota kutoka mwanzo. Kwa hiyo sehemu ya neva haikuwa imekatika, ilikuwa imebanwa tu na kunyamaza. Nilipogonga kwa kidole kwenye mkondo wa neva, alisikia msisimko ukikimbilia bonde la gumba, na kila mwezi mahali pa kugonga palisogea chini. Wiki ya 13 kiganja kilianza kupanda, kikielekea upande wa gumba, kwa kuwa msuli wa upande huo hupata tawi mapema. Mwezi wa tano viungo vya shina vikanyooka.

Gumba huwa la mwisho. Mwezi wa nane alikuja peke yake, akiwa amebeba kidumu cha asali kwa mkono wa kulia. Akaketi, akalaza kiganja mezani kifudifudi kabla sijamwambia. Gumba lilipanda, likakaa hewani, nilipolibonyeza kidogo likashuka. Niliandika daraja la 3 kati ya 5, na hisia ya bondeni imerudi nusu. Akaniuliza kama anaweza kupanda mti. Nikamwambia mfupa umeunga na kifundo kina nguvu za kutosha kushika kienge, lakini kamba aiachie kijana wake hadi msimu unaofuata, tutakapolipima gumba tena.